Ada ya Mwaka Iliyolipwa Kabla: Jinsi ya Kuiingiza katika Mapato Mwezi kwa Mwezi

Somo la Uwekaji Hesabu kwa Makatibu na Wanachama

Vyama vingi vya msingi hupokea fedha za mwaka mzima kwa siku moja. Mpangaji wa chumba cha chama hulipa kodi ya miezi kumi na miwili, mwenye shehena hulipia nafasi ya ghala kwa mwaka, na mfugaji hulipia josho la chama kwa mwaka ili asisumbuke kutafuta fedha kila wiki. Katibu huandika stakabadhi, hupeleka fedha benki, na huingiza kiasi chote katika mapato ya mwezi ule. Stakabadhi ni sahihi, fedha ziko benki, na daftari la fedha linakubaliana na taarifa ya benki. Hata hivyo hesabu za chama zimekwisha kuharibika, na ubaya wake hautaonekana mpaka miezi kadhaa ipite.

Somo hili linaeleza kwa nini fedha hizo si mapato siku zinapopokelewa, zinaandikwa wapi, na zinahamishwa vipi kwenda katika mapato kila mwezi.

Mfano wa chama cha wafugaji wa Kwala

Ichukuliwe kwamba katika kata ya Kwala, wilayani Kibaha, kuna chama cha msingi cha wafugaji chenye josho lake. Chama hiki ni cha mfano tu, na tarakimu zake zimechaguliwa ili ziwe rahisi kukokotolewa. Kinafunga vitabu vyake tarehe 31 Disemba ya kila mwaka.

Chama kimeamua kutoa kadi ya josho ya mwaka. Kadi ya ng'ombe mmoja ni shilingi 2,400, na humpa mwenye ng'ombe haki ya kuogesha mara nne kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, yaani michovyo 48. Kila mchovyo basi ni shilingi 50, ambacho ndicho kiwango cha ng'ombe kilichotangazwa na serikali katika kampeni ya kuogesha mifugo ya mwaka 2018. Kwa mwezi mmoja kadi ina thamani ya shilingi 200.

Wanachama walilipa kwa makundi matatu. Tarehe 1 Oktoba zililipiwa kadi za ng'ombe 600, jumla shilingi 1,440,000. Tarehe 1 Novemba zililipiwa kadi za ng'ombe 200, jumla shilingi 480,000. Tarehe 16 Disemba zililipiwa kadi za ng'ombe 100, jumla shilingi 240,000. Mpaka siku ya kufunga vitabu, chama kilikuwa kimepokea shilingi 2,160,000. Katika miezi hiyo mitatu, dawa iliyotumika, maji na posho ya msimamizi wa josho viligharimu shilingi 390,000.

Sasa liko swali moja: chama kimepata ziada ya kiasi gani mpaka tarehe 31 Disemba?

Jibu la haraka na matokeo yake

Katibu aliyeingiza fedha zote katika mapato atatoa 390,000 katika 2,160,000 na kupata ziada ya shilingi 1,770,000. Atakapokwenda benki atakuta kiasi kile kile, na kwa hiyo ataamini kabisa kwamba hesabu yake ni ya kweli. Atapeleka taarifa hiyo kwenye bodi, na bodi itaipeleka kwenye mkutano mkuu. Wanachama watafurahi kuona josho limeleta faida kubwa namna ile. Ichukuliwe kwamba mkutano unaamua kugawa shilingi 1,300,000, na shilingi 470,000 zilizobaki zinaachwa katika chama kuwa akiba.

Mwezi wa Januari unaanza. Josho linaendelea kuogesha ng'ombe 900, na gharama zake ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa Machi zimetumika shilingi 450,000, na benki zimebaki shilingi 20,000 tu. Aprili inapoingia hakuna fedha za kununua dawa. Wafugaji wanafika na kadi halali walizozilipia, lakini birika la josho lina maji ambayo dawa yake imekwisha nguvu. Huu ni wakati wa masika, ambapo kupe huongezeka, na kupe ndio wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua hasa ndama.

Katika habari hii hakuna mwizi. Kila shilingi ina stakabadhi au hati ya malipo, na mgawo uliidhinishwa na mkutano mkuu kwa kura. Kilichotokea ni kwamba wanachama waligawana dawa ya Aprili, Mei na miezi iliyofuata wakidhani wanagawana faida. Hesabu ndizo zilizowaambia kwamba fedha hizo ni zao.

Fedha kupokelewa na mapato kustahili

Kosa limetokana na kuchanganya mambo mawili yaliyo tofauti. Kupokea fedha ni tendo la siku moja, nalo huandikwa katika daftari la fedha. Kustahili mapato ni jambo jingine: chama kinastahili mapato kadiri kinavyotimiza kazi kilicholipwa kuifanya. Fundi cherehani aliyelipwa kabla hajakata kitambaa ana fedha mfukoni, lakini pia ana deni la suti. Akifariki kesho, mwenye kitambaa ataidai familia yake ama suti ama fedha. Chama cha Kwala kilipopokea shilingi 1,440,000 tarehe 1 Oktoba kilikuwa katika hali hiyo hiyo. Kilikuwa na fedha benki, na kilikuwa na deni la kuogesha ng'ombe 600 kwa mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo wahasibu huiweka fedha ya namna hii upande wa madeni katika mizania. Huiita mapato yaliyoahirishwa, yaani mapato ambayo siku yake haijafika. Katika leja ya chama ni vema ipewe jina ambalo kila mwanachama atalielewa, kwa mfano "Ada ya Josho Iliyolipwa Kabla". Deni hili lina tabia moja inayolitofautisha na deni la muuza dawa au la benki: kwa kawaida halilipwi kwa fedha, bali hulipwa kwa kazi. Kila mwezi ng'ombe wanapoogeshwa, sehemu ya deni inakuwa imelipwa, na sehemu hiyo hiyo inageuka kuwa mapato.

Hii si desturi ya mtu mmoja mmoja, bali ndivyo viwango vya hesabu vinavyotaka. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilianza kutumia viwango vya kimataifa nchini Tanzania mwaka 2004. Kiwango namba 15 kinachohusu mapato, ambacho kilianza kutumika duniani tarehe 1 Januari 2018, kinasema kwamba mteja akilipa kabla ya kupewa huduma, anayepokea anapaswa kuonyesha deni mpaka atimize wajibu wake. Kanuni hii haijali ukubwa wa taasisi. Inawahusu wenye makampuni ya bima wanaopokea ada ya mwaka ya gari, wachapishaji wa magazeti wanaopokea fedha za wasomaji wa mwaka, na mwenye nyumba anayepokea kodi ya mwaka, ijapokuwa bima ina kiwango chake peke yake.

Hatua ya kwanza: siku ya kupokea fedha

Tarehe 1 Oktoba katibu anaandika stakabadhi kama kawaida. Anapopeleka katika leja, anadebiti hesabu ya Benki shilingi 1,440,000 na kukrediti hesabu ya Ada ya Josho Iliyolipwa Kabla shilingi 1,440,000. Hesabu ya Mapato ya Josho haiguswi hata kidogo siku hiyo. Vivyo hivyo tarehe 1 Novemba na tarehe 16 Disemba.

Siku hiyo hiyo anafungua au anaongeza rejista ya kadi. Rejista hii si leja; ni daftari la kawaida lililopigwa mistari, lakini bila daftari hilo kazi yote inayofuata haiwezekani. Kwa kila kadi au kundi la kadi yaandikwe: namba ya stakabadhi, jina la mwanachama, idadi ya ng'ombe, kiasi kilicholipwa, tarehe kadi inapoanza, tarehe inapokwisha, na kiasi cha mwezi mmoja. Mbele yake ziwekwe safu kumi na mbili au kumi na tatu za miezi. Safu ya kumi na tatu inahitajika kwa kadi zilizoanza katikati ya mwezi, kwa maana hizo hukamilisha mwaka wao katikati ya mwezi mwingine.

Hatua ya pili: mwisho wa kila mwezi

Tarehe 31 Oktoba josho limefanya kazi mwezi mmoja kwa ng'ombe 600. Kiasi kinachostahili ni 600 mara shilingi 200, yaani shilingi 120,000. Katibu anaandika katika jonali: debiti Ada ya Josho Iliyolipwa Kabla shilingi 120,000, krediti Mapato ya Josho shilingi 120,000. Fedha haisogei popote. Benki haihusiki kabisa. Kinachotokea ni kwamba deni limepungua na mapato yameongezeka.

Mwezi wa Novemba kundi la pili limeingia. Shilingi 120,000 za kundi la kwanza zinaongezwa shilingi 40,000 za kundi la pili, jumla 160,000. Mwezi wa Disemba kundi la tatu limetumia nusu mwezi tu. Kwa mwezi mzima lingestahili shilingi 20,000. Kwa nusu mwezi ni shilingi 10,000. Jumla ya Disemba ni shilingi 170,000.

Chama kinaweza kujiwekea kanuni nyepesi ya siku, kwa mfano kwamba kadi iliyoanza kati ya tarehe 1 na 15 ihesabiwe mwezi mzima, na iliyoanza tarehe 16 au baadaye ihesabiwe nusu. Kanuni ya namna hiyo inakubalika maadamu inaandikwa, inafuatwa kila mwaka, na tofauti inayoleta ni ndogo. Isiyokubalika ni kanuni inayobadilika kila katibu anapobadilika.

Hesabu ya kweli ya tarehe 31 Disemba

Sasa ziada ya chama inaweza kujulikana. Mapato yaliyostahili ni:

Oktoba: shilingi 120,000
Novemba: shilingi 160,000
Disemba: shilingi 170,000
Jumla: shilingi 450,000

Zikitolewa gharama za shilingi 390,000, ziada ni shilingi 60,000. Hizo ndizo fedha ambazo mkutano mkuu unaweza kuzizungumzia, tena baada ya kutengwa akiba zinazotakiwa na sheria na masharti ya chama.

Katika mizania, fedha benki ni shilingi 1,770,000. Upande wa pili kuna deni la Ada ya Josho Iliyolipwa Kabla la shilingi 1,710,000, na ziada ya shilingi 60,000. Pande mbili zinalingana. Mwanachama anayesoma mizania hii hawezi kudanganyika na wingi wa fedha benki, kwa sababu mbele yake kuna tarakimu inayomwambia kwamba karibu zote zimekwisha kuwekewa kazi. Mwanachama akiuliza, "Kwa nini tusigawane fedha hizi na ziko benki?", mweka hazina ana jibu: "Kwa sababu kati ya hizo, 1,710,000 ni za kuogesha ng'ombe ambao bado hatujawaogesha."

Kuanzia Januari mapato yanaingia shilingi 180,000 kila mwezi mpaka Septemba, ambapo kadi za kundi la kwanza zinakwisha. Gharama ni 150,000, hivyo kila mwezi huacha ziada ya shilingi 30,000. Bodi inaona wazi kwamba josho linajitegemea lakini halina faida kubwa. Kwa njia ya kwanza, bodi ingeona josho likileta faida ya 1,770,000 katika miezi mitatu, kisha hasara ya 150,000 kila mwezi kwa miezi tisa. Picha zote mbili zingekuwa za uongo, na bodi ingeweza kuamua kufunga josho katika miezi ya hasara au kushusha bei ya kadi katika miezi ya neema.

Jambo moja lisisahaulike hapa. Deni hili halihifadhi fedha. Shilingi 1,710,000 katika leja si sanduku lenye noti ndani yake. Ni ukumbusho wa wajibu. Chama kinaweza kuwa na vitabu safi kabisa na bado kikatumia fedha zile kununulia kitu kingine, kisha kikashindwa kununua dawa. Hivyo bodi yenye busara, mbali na kuandika deni, huweka fedha za kadi katika akaunti yake ya benki, na kutoa kila mwezi kiasi kinachohitajika kwa gharama za josho.

Pale ambapo kugawa kwa kumi na mbili hakutoshi

Kugawa ada kwa miezi kumi na miwili ni sahihi kwa sababu josho linatoa huduma ile ile kila mwezi. Sababu hiyo ikikosekana, mgawanyo nao hauna budi kubadilika.

Ichukuliwe kwamba ukuta wa birika umepasuka, na mwezi wote wa Februari hakuna ng'ombe aliyeogeshwa. Katibu aliyezoea kuandika 180,000 kila mwezi ataandika tena, kwa mazoea. Hilo ni kosa. Mwezi umepita lakini kazi haikufanyika, na deni liko pale pale. Ikiwa bodi imeamua kuongeza muda wa kadi zote kwa mwezi mmoja, mapato ya Februari ni sifuri, deni linabaki lilivyokuwa mwisho wa Januari, yaani shilingi 1,530,000, na tarehe za mwisho katika rejista zinasogezwa mbele. Ikiwa bodi imeamua kuwarudishia wanachama fedha za mwezi huo, basi hudebitiwa Ada ya Josho Iliyolipwa Kabla na kukreditiwa Benki shilingi 180,000. Kwa vyovyote vile hesabu ya Mapato haiguswi.

Jambo la pili ni chama kinachouza tiketi za michovyo badala ya kadi ya mwaka. Mwanachama ananunua kitabu cha tiketi 48, na kila ng'ombe anapoingia birikani tiketi moja inakatwa. Hapa kalenda haisemi lolote. Kinachosema ni tiketi. Mwisho wa mwezi msimamizi anahesabu vipande vilivyokatwa, na katibu anahamisha shilingi 50 kwa kila kipande. Mwezi wa mvua nyingi unaweza kuleta mapato makubwa kuliko mwezi wa kiangazi, na hivyo ndivyo ilivyo haki.

Jambo la tatu ni mwanachama anayeuza ng'ombe wake kabla kadi haijaisha. Makatibu wengi hufikiri kwamba kama masharti yanasema fedha hazirudishwi, basi fedha zote ni mapato tangu siku ya kwanza. Sivyo. Kutorudisha fedha hakukiondolei chama wajibu wa kuogesha. Ikiwa masharti yanasema kadi inakufa ng'ombe anapoondoka, kiasi kilichobaki kinakuwa mapato siku mwanachama anaporudisha kadi, kwa sababu siku hiyo ndipo wajibu unapokwisha. Ikiwa kadi inaweza kuhamishiwa ng'ombe mwingine, hakuna cha kubadilisha; kadi inaendelea mwezi kwa mwezi mpaka mwisho wake.

Namna ya kugundua kosa

Mkaguzi, au mjumbe yeyote wa kamati ya usimamizi, anaweza kuipima hesabu hii kwa saa moja bila kupekua kila stakabadhi.

Kipimo cha kwanza ni kutazama hesabu ya Mapato ya Josho kwa miezi yote. Ikiwa mwezi mmoja au miwili ina mapato makubwa na miezi mingine haina kitu, huku josho likiogesha kila wiki, ada imeingizwa moja kwa moja katika mapato.

Kipimo cha pili ni kuhesabu deni upya kutoka katika kadi zilizo hai. Tarehe 31 Disemba kundi la kwanza lina miezi 9 iliyobaki: 600 mara 9 mara 200 ni shilingi 1,080,000. Kundi la pili lina miezi 10: 200 mara 10 mara 200 ni shilingi 400,000. Kundi la tatu lina miezi kumi na moja na nusu: 100 mara 11.5 mara 200 ni shilingi 230,000. Jumla ni shilingi 1,710,000, sawa na leja. Leja ikionyesha zaidi ya hapo, kuna uhamisho wa mwezi uliosahauliwa. Ikionyesha pungufu, kuna uhamisho ulioandikwa mara mbili, au fedha za kadi zilizokwenda katika mapato. Kipimo hiki kifanywe kila mwisho wa mwezi na matokeo yake yaandikwe chini ya ukurasa wa rejista, pamoja na saini ya aliyepima.

Kipimo cha tatu ni kutazama upande wa salio. Salio la hesabu hii huwa krediti siku zote. Likionekana kuwa debiti, chama kimejipa mapato zaidi ya fedha kilizopokea kwa kadi hizo, jambo ambalo haliwezekani.

Kosa likigunduliwa kabla vitabu havijafungwa, marekebisho ni ya jonali moja: debiti Mapato ya Josho, krediti Ada ya Josho Iliyolipwa Kabla, kwa kiasi ambacho hakijastahili. Likigunduliwa baada ya mwaka kufungwa, mapato ya mwaka mpya yasitumiwe kulifunika. Sehemu inayohusu mwaka uliopita hudebitiwa katika ziada iliyolimbikizwa, na maelezo yake huandikwa katika taarifa za hesabu ili wanachama wajue kwamba ziada waliyoonyeshwa haikuwa yote yao. Jambo hili lifanywe kwa kushauriana na mkaguzi wa nje wa chama. Kwa vyama vingi mkaguzi huyo ni Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Hatimaye, ada iliyolipwa kabla isichanganywe na fedha nyingine ambazo mwanachama huzilipa mezani pale pale. Hisa si mapato wala si deni la huduma. Ni mtaji wa mwanachama, na hubaki katika hesabu ya mtaji. Mwanachama akileta shilingi 30,000 na kusema ni za kadi na hisa, katibu aandike stakabadhi inayotenganisha viwili hivyo, kwani mwisho wa mwezi hakuna atakayekumbuka.

Zoezi

1. Chama kimempangisha mfanyabiashara chumba cha mbele cha ofisi yake. Tarehe 1 Agosti amelipa kodi ya mwaka mmoja, shilingi 1,800,000. Vitabu vinafungwa tarehe 31 Disemba. Mapato ni kiasi gani, na deni ni kiasi gani?

2. Katika chama cha mfano, katibu alisahau kufanya uhamisho wa Machi na Aprili. Mwisho wa Aprili ni hesabu zipi zisizo sahihi, na kwa kiasi gani?

3. Mwanachama wa kundi la kwanza mwenye ng'ombe 10 amewauza wote tarehe 31 Machi. Masharti yanaruhusu kurudishiwa miezi isiyotumika. Arudishiwe kiasi gani, na kiandikwe vipi?

Majibu

1. Kodi ya mwezi mmoja ni shilingi 150,000. Miezi mitano imepita, hivyo mapato ni shilingi 750,000, na deni la miezi saba ni shilingi 1,050,000.

2. Kila mwezi ulipaswa kuhamishiwa shilingi 180,000. Mapato ya Josho yamepungua kwa shilingi 360,000, na Ada ya Josho Iliyolipwa Kabla imezidi kwa kiasi hicho hicho. Benki ni sahihi, na kwa hiyo ulinganisho wa benki hauwezi kuligundua kosa hili.

3. Alilipa shilingi 24,000. Ametumia miezi sita, yaani shilingi 12,000, na anastahili kurudishiwa shilingi 12,000. Debiti Ada ya Josho Iliyolipwa Kabla, krediti Benki. Mapato yaliyokwisha kuandikwa hayabadiliki. Kuanzia Aprili uhamisho wa kila mwezi unapungua kwa shilingi 2,000, kutoka 180,000 hadi 178,000, na rejista irekebishwe siku hiyo hiyo.